Mandarina zinaingia mlangoni au zinatoka?



Katika Kiswahili chetu tendo la kutoa lina neno moja, kupa. Nimempa jirani mandarina, jirani amenipa mandarina: neno ni lile lile, kinachogeuka ni kile kidogo kilicho katikati tu. Kifaransa tunachofundisha watoto kalasini kinafanya vilevile. Kijapani hakifanyi hivyo. Kina neno moja la kitu kinachotoka kwangu kwenda kwa wengine, na neno jingine kabisa la kitu kinachotoka kwa wengine kuja kwangu. La kwanza ni ageru, la pili ni kureru. Mtu akiyachanganya, wanaomsikiliza wataelewa nani alitoa na nani alipata. Lakini wataelewa pia jambo lingine ambalo hakutaka kulisema, na jambo hilo linaweza kukaa katika nyumba muda mrefu.

Nayaandika haya kwa sababu ya mdogo wangu. Ameolewa Japani, katika mji wa Nagoya. Anaishi na bwana yake, binti yao wa miaka minne, na mama mkwe ambaye ni mjane na analala chumba cha chini. Kila Jumapili saa nane ya mchana huku Bukavu, kwao ikiwa saa tatu ya usiku na mtoto amekwisha kulala, tunasoma pamoja kwa simu. Ananipigia picha kurasa za kitabu chake, mimi naziandika katika kaye, kisha tunafanya mazoezi. Mimi ni mwalimu wa lugha, na lugha ni lugha, hata ile ambayo sitaizungumza kamwe sokoni Kadutu.

Mwaka jana karibu Jumapili zote mazungumzo yalianza na machozi. Mama mkwe alikuwa mwenye adabu na baridi. Alimtunza mtoto vizuri, alipika, alikunja nguo, lakini alikuwa akijibu kwa maneno mawili na kufunga mlango wa jiko. Mdogo wangu alifikiri ni rangi ya ngozi yake, au ni chakula chake, au ni kwamba hakuzaa mtoto wa kiume. Sisemi kwamba mambo ya namna hiyo hayako duniani. Lakini nilimwomba aniambie neno kwa neno yanayosemwa pale mezani, kwa Kijapani chenyewe, naye akaanza kunitumia sentensi. Ndani ya sentensi hizo tuliona kitu.

Ngoja nianze na mandarina, kwa kuwa wao wanazipenda sana wakati wa baridi. Wanaziita mikan, na zinanunuliwa kwa sanduku nzima, hivyo ni kawaida majirani kugawiana. Tuseme mimi ninakaa Nagoya. Nikimpelekea jirani, nitasema: "Tonari no hito ni mikan o ageta." Tonari no hito ni mtu wa jirani, ageta ni ageru ya wakati uliopita. Jirani akiniletea, nitasema: "Tonari no hito ga mikan o kureta." Angalieni vizuri kwamba katika sentensi hii ya pili neno "mimi" halimo hata kidogo. Halihitajiki. Kureta peke yake imekwisha kusema kwamba mandarina zilikuja upande wangu. Kama vile sisi tunavyojua kutokana na "amenipa", wao wanajua kutokana na tendo lenyewe.

Ubaoni ningechora nyumba yenye mlango mmoja. Mimi niko ndani. Mandarina zikitoka mlangoni, ageru. Zikiingia, kureru. Watu wawili wa nje wakipeana, mimi nikiwaangalia kwa dirisha, hiyo nayo ni ageru: mwalimu alimpa jirani kitabu, "ageta", kwa sababu hakuna kilichoingia kwangu.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu ni kujua nani yuko ndani ya nyumba ile pamoja nami. Jirani akimpa binti yangu mandarina, mimi mwenyewe sikupata kitu, lakini Mjapani atasema kureta: "Tonari no hito ga musume ni mikan o kureta." Musume ni binti yangu. Aliyepewa ni yeye, na tendo linasema kilikuja kwetu. Ndani wanaita uchi, nje wanaita soto, na uchi ndilo neno wanalolitumia pia kwa nyumba yao wenyewe. Mtoto wangu yuko uchi. Bwana yangu yuko uchi. Mama yangu yuko uchi.

Na mama mkwe je?

Siku moja mdogo wangu alimwambia bwana yake, wote wakiwa mezani: "Tonari no hito ga okaasan ni mikan o ageta." Jirani alimpa mama mandarina. Sarufi haina kosa. Mwalimu akisahihisha kaye hawezi kuweka mstari mwekundu. Lakini kwa kuchagua ageta amewaweka jirani na mama mkwe wote wawili nje, kama watu wa njiani ambao yeye anawaona kwa dirisha. Angesema kureta, mandarina zile zile zingekuwa zimeingia nyumbani kwetu kupitia mikono ya mama. Mama mkwe alikuwa anamenya mandarina yenyewe. Alisikia.

Kwa nini mdogo wangu alishika ageru na kuiacha kureru? Jibu liko katika kitabu. Kile ambacho wanafunzi wengi wanakitumia duniani, Minna no Nihongo, kinaleta ageru na morau katika somo la 7. Kureru inangoja mpaka somo la 24, nalo ni la pili kutoka mwisho wa kitabu cha kwanza. Naelewa kwa nini waandishi walifanya hivyo: hawakutaka kumtwisha mwanafunzi matatu kwa mara moja. Lakini kati ya 7 na 24 mtu anakaa miezi mingi, hasa mama mwenye mtoto mdogo, na miezi yote hiyo ana neno moja tu la "kupa". Atalitumia kila mahali kama sisi tunavyotumia kupa. Lile la 24 linapofika, ulimi umekwisha kuzoea. Mimi ningeyafundisha ageru na kureru siku moja, mlango wazi, moja likitoka na jingine likiingia.

La tatu, morau, ni kupata au kupokea. "Tonari no hito ni mikan o moratta": nilipata mandarina kwa jirani. Mandarina zimeingia mlango ule ule kama za kureru, ila safari hii anayesimuliwa ni yule aliye ndani, aliyenyoosha mikono. Kwa kureru macho yako kwa jirani aliyeleta. Kwa morau macho yako kwangu niliyepata.

Hapa kuna mtego ambao ulitula Jumapili mbili nzima. Rudini juu muangalie sentensi ya ageta: tonari no hito ni mikan o ageta. Na hii: tonari no hito ni mikan o moratta. Ni sawasawa mpaka neno la mwisho! Kile kidogo "ni" baada ya jirani, kwa ageru kinaonyesha aliyepewa. Kwa morau kinaonyesha aliyetoa. Tendo la Kijapani linakuja mwisho wa sentensi, basi mpaka msemaji afunge kinywa hujui mandarina zinakwenda wapi. Anayeogopa mtego huo ana njia: kwa morau anaweza kusema "kara", yaani kutoka kwa, mahali pa "ni". Na kama kitu kimetoka kwa shule au kampuni, si kwa mtu, kara ndiyo inayotakiwa.

Sasa tunafika penye uzito wenyewe. Maneno haya matatu hayasemi vitu tu, mandarina na vitabu. Yanapachikwa nyuma ya tendo lolote ili kuonyesha fadhili ilikwenda upande gani. Tendo la kwanza linageuza mwisho wake kuwa te au de, kisha moja la yale matatu linafuata. Miru, kutazama, inakuwa mite. Yomu, kusoma, inakuwa yonde. Iku, kwenda, inakuwa itte. Yonde ageru ni kumsomea mtu kama zawadi yangu kwake. Yonde kureru ni mtu kunisomea mimi au wangu. Yonde morau ni mimi kupata kusomewa.

Wengine mtasema: basi si ni kama kusomea, kupikia, kubebea yetu? Nami nilifikiri hivyo mwanzoni, na inasaidia kwa hatua ya kwanza. Lakini "ea" na "ia" yetu haina moyo ndani yake. Amenipikia ni jema, ameniharibia ni baya, ameniibia ni baya zaidi, na yote yanatumia mlango mmoja. Te kureru inabeba shukrani ndani yake. Mwizi hawezi kupewa te kureru, isipokuwa kwa dhihaka, kama mama anayemwambia mtoto aliyemwaga unga, "Umenifanyia kazi nzuri leo."

Kwa mabaya yanayotufikia wao wana njia nyingine, na njia hiyo, amini msiamini, sisi tunayo. Sisi tunasema tulinyeshewa na mvua, nilifiwa na baba. Mvua haikutupiga kwa mkono, na marehemu hakututendea kitu, lakini sisi ndio tuliopatwa, hivyo tunajiweka mbele ya sentensi. Wajapani wanafanya vilevile hasa: "ame ni furareta", tulinyeshewa na mvua, "chichi ni shinareta", nilifiwa na baba. Jumapili ile mdogo wangu alicheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa amehangaika na sura hiyo ya kitabu juma nzima akijaribu kuipitisha kwa Kifaransa, na kumbe ilikuwa inamngoja katika Kiswahili cha koko yetu.

Niwape sasa tukio moja, kwa maana hilo ndilo lililotufungua macho. Ilikuwa mwezi wa pili, theluji imeanguka. Mdogo wangu alichelewa kazini, na mama mkwe, mwenye goti bovu, alitembea kwa miguu kumpokea mtoto shuleni kwake, shule ya wadogo wanaoiita hoikuen. Jioni bwana akarudi, akauliza mtoto alifikaje nyumbani. Mdogo wangu akajibu: "Okaasan ga mukae ni itta." Mama alikwenda kumpokea. Mama mkwe alikuwa anamwaga chai. Kukawa kimya. Bwana akasema polepole: "Itte kureta n da ne." Alitukwendea, sivyo?

Mdogo wangu alidhani bwana anarudia tu maneno yake, kama watu wanavyofanya wakiwa wamechoka. Hakurudia. Alikuwa amechukua sentensi ya mke wake, akaipachika kureta, akairudisha mezani mbele ya mama yake.

Tendo lile moja lingeweza kusemwa kwa namna nne, tuziangalie. "Okaasan ga mukae ni itta" ni habari tu: alikwenda. Hivyo ndivyo unavyosema juu ya mtu usiyemjua aliyepita barabarani akienda zake, au juu ya mfanyakazi aliyetimiza kazi anayolipwa. "Okaasan ga mukae ni itte kureta": alikwenda, na kwenda kwake kulikuwa jambo jema lililonifikia mimi. "Okaasan ni mukae ni itte moratta": nilipata mama anikwendee, na mara nyingi ndani yake kuna kwamba mimi ndimi niliyeomba, au angalau nilimtegemea. Ya nne ni ya mama mkwe mwenyewe, kama angetaka kuitumia: "Mukae ni itte ageta." Nilimkwendea. Nimefanya fadhili, na aliyefanyiwa aijue.

Hiyo ya nne mama mkwe hakuisema. Hakuisema siku ile wala siku nyingine ambayo mdogo wangu anaikumbuka, na mimi ninamhesabia hilo kuwa wema mkubwa. Maana kujisemea ageta mbele ya uliyemsaidia ni kama kuweka deni mezani. Ni kama yule mama wa likelemba anayekukumbusha mbele ya watu wote kwamba mwezi wa tatu alikutangulizia franka. Kweli alikutangulizia. Lakini si yeye aliyepaswa kulisema, ulipaswa wewe. Kwa Kijapani mambo yako hivyo hivyo, ila yamewekwa ndani ya sarufi: aliyetenda ananyamaza, aliyetendewa ndiye anayetia kureta. Aliyetendewa asipoitia, hakuna mwingine anayeweza kuitia kwa heshima, na tendo linabaki limelala chini hapo. Mwaka mzima matendo ya mama yule yalikuwa yamelala chini. Alimtazama mtoto: mita. Alimsomea kitabu: yonda. Alikwenda kumpokea: itta. Kila jioni bwana aliposikia habari za mchana, mama alikuwa akisikia orodha ya kazi za mtumishi.

Mdogo wangu alikasirika nilipomwambia. Alisema, "Yaya, lakini mimi ninamwambia aksanti kila siku! Arigatou asubuhi, arigatou jioni." Nilimwamini. Lakini arigatou ilikuwa inasemwa ana kwa ana, na kureta inahitajika zaidi pale unapomsimulia mtu mwingine. Hapo ndipo mtu anapojua unamweka wapi ukiwa humtazami. Kwetu pia, mama mkwe anaweza kusamehe kutoambiwa aksanti, lakini asikie tu unavyomtaja kwa shoga yako barazani!

Kwa upande mwingine alikuwa na ageru nyingi mno, mahali pasipostahili. Baada ya chakula alikuwa akisimama na kusema kwa sauti ya furaha: "Okaasan, osara o aratte ageru." Osara ni sahani, arau ni kuosha. Yeye alitaka kusema, "Mama, nitakuoshea sahani", neno la mkwe mwema kabisa huku kwetu. Kumbe sikioni mwa mama lilikuwa karibu na "Mama, nitakufadhili kwa kukuoshea sahani." Te ageru inakwenda vizuri kwa mtoto: "yonde ageru ne", nitakusomea, mama wote wa Japani wanaisema wakati wa kulala. Inakwenda kwa rafiki wa rika lako, na inakwenda ukisimulia msaada uliompa mtu ambaye hayupo. Kwa mkubwa, usoni pake, usiitie. Hata yenye adabu, "tetsudatte agemashou ka", nikusaidie, bado inamweka mkubwa chini ya mkono wako.

Badala yake unafanya nini? Unaondoa fadhili na kuacha tendo. "Osara, araimasu ne": sahani, naziosha, eh. Au "tetsudaimashou ka", nikusaidie? Sentensi inakuwa fupi na kavu zaidi, na ndiyo yenye adabu. Hii ilimsumbua mdogo wangu kuliko yote. Tendo lile kavu lililokuwa kosa akimsimulia mama ndilo linalofaa akijisimulia mwenyewe. Nikamwambia arudi kwenye mlango. Fadhili inayoingia, itangaze. Fadhili inayotoka, inyamazie.

Lakini pia tusitie kureru kila mahali kama chumvi ya mtu asiyeonja. Hoikuen wana kaye ndogo, renrakuchou, inayokwenda na kurudi kila siku kati ya mzazi na mwalimu: mtoto amelala saa ngapi, amekula nini, nani atakuja kumchukua. Pale mdogo wangu anaandika "kyou wa sobo ga mukae ni ikimasu", leo nyanya yake atakuja kumpokea, na hakuna kureru wala haitakiwi. Ni taarifa ya mpango, mwalimu anataka kujua amkabidhi nani mtoto. Kipimo ninachompa ni kuuliza: ninasimulia ratiba, au ninasimulia mzigo ulioondolewa mabegani mwangu? Kama ni mzigo, kureru.

Mlangoni pa hoikuen kuna jambo jingine. Kureru ina dada yake wa heshima, kudasaru, ya kutajia wakubwa, na mama mkwe ni mkubwa. Nyumbani, ana kwa ana, mdogo wangu anaweza kumwambia: "Mukae ni itte kudasatte, arigatou gozaimasu." Ni nzuri sana. Lakini mwalimu wa mtoto akimuuliza nani anamsaidia, anasema "gibo ga mite kuremasu", mama mkwe anatutazamia mtoto. Haongezi kudasaru, wala hamwiti okaasan, bali gibo, jina lisilo na mapambo. Kwa nini? Kwa sababu mbele ya mwalimu yeye na mama mkwe wamesimama ndani ya mlango mmoja, na mtu hawapambi wa kwake mbele ya wageni. Bukavu tungeona kwamba unamkosea mama mkwe heshima. Nagoya ukimpamba mbele ya watu unamtoa nje. Ukuta ule unasogea kulingana na nani amekuja kubisha, na hakuna kitabu kitakachokuchorea mapema. Unaangalia waliosimama pale, unaamua.

Rafiki yangu mmoja mwalimu, nilipomwonyesha kaye hii, alisema lugha ya namna hiyo inachosha, inamfanya mtu ahesabu madeni mchana kutwa. Sikubaliani naye. Deni linahesabiwa na aliyetoa. Hapa anayepewa kazi ya kuhesabu ni aliyepokea, na anahesabu kwa sauti, mbele ya wengine. Kinachochosha kweli ni kwamba ukisahau, kusahau kwako kunasikika, wakati kwetu "alikwenda kumpokea mtoto" haimkosei mtu.

Basi tulianza upya, mwezi wa tatu. Sikumpa kanuni tena. Nilimwambia kila jioni aandike matendo matatu ya mchana yaliyofanywa na mama, kila moja kwa kureta, kisha amsimulie bwana yake angalau moja kwa sauti. Hakuwa akimtazama mama wakati wa kusema, nilimkataza, kwa maana ingekuwa mchezo. Okaasan ga yonde kureta. Okaasan ga osara o katazukete kureta, alituondolea vyombo. Juma la kwanza hakikutokea kitu chochote. La pili, hakuna. Mimi mwenyewe nilianza kuwaza kwamba labda machozi yalikuwa na chanzo kingine.

Katika juma la tano au la sita mdogo wangu alikaanga mandazi, yale ya kwetu, mengi mno. Mama mkwe akayafunga sahani moja kwa ajili ya jirani, yule wa mandarina. Mdogo wangu alikuwa ngazini na kikapu cha nguo. Alimsikia mama mlangoni akijibu swali la jirani: "Yome ga tsukutte kureta no."

Yome ni mke wa mwanangu. Tsukuru ni kutengeneza. Angeweza kusema yome ga tsukutta, mkwe ametengeneza, na ingekuwa kweli tupu. Alisema ametutengenezea, kwa upande wa ndani, kwa mtu wa nje.

Mlango wa jiko bado unafungwa siku nyingine, na goti linauma wakati wa baridi. Jumapili hii tunaanza itadaku, dada wa heshima wa morau, ambayo asili yake ni kuinua kitu juu ya kichwa. Mdogo wangu tayari anaisema kila siku bila kujua, kabla ya kula: itadakimasu. Nilimuuliza anadhani kwa nini ni kichwa. Akasema mtu aliyekulia Kadutu haulizwi swali hilo.